Bibi wa Mombasa hanywi "tai"

Nimeletewa tena lile jibu: "Mhariri, hiyo ni lahaja, usiiguse." Sawa, siigusi. Lakini lahaja ipi? Maana wanaoandika hivyo huwa wanaamini kwamba lahaja haina kanuni, kwa hiyo mhusika akishapewa lahaja hawezi tena kukosea. Na wasahihishaji wa prufu nao wana imani yao: kinachojirudia ni makusudi, kilichotokea mara moja ni kosa. Imani hizi mbili zimeniharibia miswada zaidi ya panya.

Chukua muswada ulio mezani kwangu. Kuna bibi wa Mji wa Kale, Mombasa, anazungumza na mjukuu wake:

"Ndoo hapa, mwanangu. Nipe tai. Macho yangu hayaoni ndia."

"Ndoo" na "ndia" ni Kimvita safi: njoo, njia. Msomaji wa bara atafikiria ndoo ya maji kwa nusu sekunde, kisha ataendelea. Mwache.

"Tai" ndiyo iliyonipandisha presha. Mwandishi amesikia kwamba "ch" ya Kiswahili sanifu huwa "t" katika Kimvita, na ni kweli: macho ni mato, mchele ni mtele, kucheka ni kuteka. (Ndiyo maana bibi akisema "mbona waniteka?" hajatekwa na mtu, anachekwa.) Basi mwandishi akaichukua kanuni akaimwaga kila mahali. Chai ikawa tai, chakula kikawa takula, chombo kikawa tombo. Hakuna bibi anayesema hivyo, Mombasa wala kwingineko.

Sababu ni kwamba "ch" zetu hazikutoka mahali pamoja. Ile ya macho na kucheka ni sehemu ya mzizi wenyewe, na ndiyo Kimvita inayoitamka "t". Ile ya chakula na chombo ni kiambishi "ki-" kilichokutana na irabu, na Kimvita haiigeuzi. Chai nayo ni mgeni, imekuja na "ch" yake na imebaki nayo. Njia yangu ya haraka ni kutazama wingi: vyakula, vyombo, vyumba. Ukiona "vy-", iache hiyo "ch" ilivyo. Kwa maneno ya kukopwa, kumbuka tu kwamba ni ya kukopwa.

"Tai" imo mara kumi na moja katika muswada huo. Imejirudia kuliko chochote, na bado ni kosa. Kilichokusudiwa ni bibi azungumze Kimvita. "Tai" inavunja kusudio hilo kila inapotokea.

Sasa "macho". Mahali pengine bibi anasema "mato", hapa kasema "macho". Msahihishaji angebadilisha bila kufikiri. Mimi huuliza kwanza anazungumza na nani. Sura ya nne yuko mbele ya daktari aliyetoka bara, na anasema "macho" mara tatu. Hapo nimeandika pembeni "acha ilivyo", kwa sababu watu hubadili lugha mbele ya mgeni, na mwandishi ameliona hilo vizuri. Lakini hapa yuko na mjukuu wake jikoni, hakuna mgeni, na "ndoo" na "ndia" zimelizunguka neno hilo. Nadhani limeponyoka.

Nadhani tu. Mimi si Mmvita. Nina wasomaji wawili wazee ninaowapelekea kurasa kama hizi. Mmoja kasema "mato" bila kusita, mwingine kacheka akasema siku hizi hata yeye husema yote mawili katika pumzi moja. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi uliofanywa, kwa kejeli ya historia, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Baada ya miaka yote hiyo ya shule na redio, bibi asiyechanganya kabisa huenda ndiye wa kubuni.

Jambo moja nisilisahau: tazama masimulizi kabla ya mazungumzo. Msimulizi akiandika "kitabu yangu" pale ambapo hakuna mhusika anayezungumza, basi "kitabu yangu" ya mhusika naishuku pia, hata ikimfaa. Na simu nazo ni wahariri wabaya. Ukurasa wa sitini bibi alimwambia kijana, "Shika India yako uende." Nilikaa na sentensi hiyo robo saa nikitafuta baharia.

Kwa hiyo nimemwandikia mwandishi maswali mawili tu. La "tai" sikuliuliza, nimelirekebisha na kumweleza. La kwanza ni "India". La pili ni: jikoni, bibi alisema "macho" au ulisema wewe? Amejibu la kwanza.