Kwa nini mchanga wa kioo huongezwa magadi na chokaa

Kioo cha dirisha, cha chupa na cha bilauri huitwa kioo cha magadi na chokaa, kwa sababu vitu hivyo viwili huchanganywa na mchanga mweupe wenye silika, yaani SiO2. Magadi hayo ni ya jamii moja na yale yanayolainisha maharage jikoni, ila yamesafishwa hadi kubaki Na2CO3. Chokaa hutoka katika mawe ya aina ya yale yanayochimbwa Songwe, jirani na jiji la Mbeya.

Silika peke yake hutoa kioo kizuri sana, lakini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi, na hata hapo huwa nzito mno kufinyangwa. Sababu ni kwamba kila oksijeni ndani yake ni daraja linalounganisha silikoni mbili. Magadi yakipata moto hutoa hewa ya ukaa, na Na2O inayobaki hukata baadhi ya madaraja hayo. Oksijeni iliyokatwa hubaki na chaji hasi, na sodiamu yenye chaji chanya hukaa kando yake. Wavu huo wa madaraja ukishalegea hivyo, tanuri la nyuzi 1,500 linatosha.

Hata hivyo, kioo cha silika na magadi pekee huyeyuka katika maji, kwa kuwa sodiamu haijashikwa sana na hutoka kwa urahisi. Hapo ndipo chokaa inapohitajika: kalsiamu ina chaji mbili, hivyo hushika oksijeni mbili zilizokatwa kwa pamoja, haisogei ovyo, na huizibia sodiamu njia. Chokaa ikizidi, nayo huleta kasoro nyingine, kwani fuwele huota kioo kinapopoa na kukitia weupe.

Tuchukue kilo 100 za kioo chenye silika 74, Na2O 16 na CaO, yaani chokaa yenyewe, 10. Tanurini hupelekwa kilo 74 za mchanga, kilo 27.4 za magadi na kilo 17.9 za mawe ya chokaa yaliyosagwa. Jumla ni kilo 119 na kidogo, na zile 19 zinazozidi huondoka kama hewa ya ukaa. Mapovu yanayoonekana katika kioo kibaya mara nyingi ni gesi ambayo haikupewa muda wa kutoka.

Chokaa hupunguza udhaifu, haiumalizi. Pale Tukuyu, ambako mvua hunyesha kwa miezi mingi, vioo vya dirisha vilivyoegemezwa pamoja stoo bila karatasi katikati hunasa maji membamba baina yao. Sodiamu huingia polepole katika maji hayo, yakawa makali kama magadi, kisha yakaanza kuila silika yenyewe. Ukiona ukungu, pangusa kwa siki kidogo: ukitoka, ilikuwa chumvi ya juu tu, ukibaki, uso wa kioo umeshaliwa, na kuosha hakutaurudisha.