Biashara ya mwanamke anayefanyia kazi nyumbani Unguja na Pemba: dhana potofu na ukweli

Mwanamke mwenye watoto wadogo, anayeishi na wakwe au jirani nao, na ambaye hawezi kuanza shughuli bila ridhaa ya nyumba, mara nyingi hushauriwa kwa kutajiwa bidhaa: apike maandazi, ashone kofia, auze ubuyu, apake hina. Ushauri huo huanzia mahali pasipofaa. Yafuatayo ni mawazo yanayorudiwa sana juu ya jambo hili, pamoja na hali ilivyo.

Dhana: Familia hukubali au hukataa aina ya biashara.

Ukweli ni kwamba kinachopimwa zaidi ni mwendo wa biashara hiyo. Nani atapiga hodi mlangoni, na saa ngapi? Nani atakwenda sokoni kununua mahitaji? Mtoto atakuwa na nani wakati wa kazi? Fedha zitashikwa na nani? Biashara ile ile hukataliwa ikielezwa kwa namna moja na hukubaliwa ikielezwa kwa namna nyingine.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Wete. Mke anasema anataka kuuza maandazi, na mume anakataa papo hapo, kwa kuwa picha inayomjia ni ya wanaume wasiojulikana wamekaa barazani kwake wakinywa chai. Mke akirudi na mpango kwamba maandazi yatatoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, yatapelekwa na mtoto wa shemeji kwenye duka lililo karibu na skuli, na hakuna mteja atakayefika mlangoni, mazungumzo yanakuwa mengine. Mama mkwe naye huwa na swali lake, ambalo halihusu wateja hata kidogo: karai la mafuta ya moto litawekwa wapi, ikiwa kuna mtoto anayetambaa? Asiyejibiwa swali lake huendelea kupinga, hata kama mume amesharidhia. Kwa hiyo kila mwenye neno katika nyumba asikilizwe peke yake kabla ya kikao cha pamoja, na mpango ubadilishwe kulingana na kinachomtia wasiwasi hasa.

Dhana: Kazi ya ndani kabisa, kama kushona kofia, ndiyo nyepesi kuliko zote.

Ni kweli kwamba kofia ya viua huridhiwa kwa urahisi. Kitambaa, uzi na sindano havichukui nafasi, kazi huachwa mtoto akilia na kuendelezwa akilala, na hakuna mgeni anayeingia. Uzito wake uko katika muda. Kila kiua ni tundu dogo linalozungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja yenye kazi nyingi huweza kuchukua miezi. Fedha huja mara moja, mwishoni, na katikati hakuna hata ya kununulia uzi mwingine. Hapo ndipo mshonaji huiuza kwa mchuuzi kabla haijakamilika au kwa bei ya shida.

Anayefikiria kazi hii atoe gharama ya vifaa katika bei anayotarajia, kisha kinachobaki akigawe kwa siku alizoshona. Akiona kwamba nyumba inahitaji fedha za kila wiki, kofia iwe shughuli ya pili na si tegemeo. Nyumba isiyo na haraka ya fedha, na mshonaji ambaye viua vyake vinalingana ukubwa na uzi wake umekaza sawasawa, inaweza kufaidika nayo vizuri, hasa akishona kwa oda iliyolipiwa sehemu ya bei mwanzoni.

Dhana: Maandazi hayana hasara, kwani kila mtu hula asubuhi.

Hapa hesabu ni muhimu kuliko maneno. Tuchukulie bei za mfano, na kila msomaji aweke za duka la mtaani kwake. Kilo 2 za unga wa ngano ni shilingi 4,000, sukari 1,000, nazi mbili 2,000, mafuta yanayonyweka katika kukaanga 2,200, hamira na iliki 600, makaa 1,500, na mtoto anayepeleka dukani hupewa 700. Jumla ni shilingi 12,000. Kilo 2 hizo hutoa takriban maandazi 70 ya kiasi, na yakiuzwa shilingi 200 kila moja hupatikana 14,000.

Kinachobaki ni shilingi 2,000, sawa na bei ya maandazi 10. Yakirudi 10 kutoka dukani, au watoto wa nyumba wakila 10 bila kuhesabiwa, mwanamke huyu ameamka kabla ya alfajiri bila kupata kitu. Wengi hawaigundui hali hii kwa sababu mafuta na makaa hutoka katika matumizi ya nyumba, hivyo faida inayoonekana mkononi imelipwa na mfuko wa mume. Dalili yake ni kwamba biashara inaendelea, lakini unga wa kesho hununuliwa kwa fedha za kuomba.

Marekebisho yako machache. Donge lipimwe kwa mizani au kwa kikombe kimoja kila siku, maana donge likizidi kidogo tu idadi hushuka na faida huondoka nayo. Maandazi ya nyumba yatengwe mapema na yaandikwe kama gharama. Oda za hitima, maulidi na harusi zipewe kipaumbele, kwa sababu idadi yake hujulikana kabla ya kukanda unga na hakuna kinachorudi. Mwezi wa Ramadhani soko la asubuhi hufungika, na kazi huhamia alasiri kwa sambusa, kachori na vitumbua vya futari, saa zile zile ambazo nyumba nayo inamhitaji jikoni. Suala hilo lizungumzwe na familia Shaabani, lisingoje mwezi uandame.

Dhana: Majirani na jamaa ndio wateja wa uhakika.

Ni wateja wa karibu, lakini ndio wanaokopa zaidi, na kuwadai ni kuhatarisha ujirani. Wifi akichukua maandazi kumi kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, mwuzaji huona aibu kumkumbusha, na faida ya siku nzima imelala kwake. Njia inayostahimili ni duka moja au mawili yanayolipa jioni hiyo hiyo, na daftari la wanaokopa lenye kikomo kinachojulikana na wote. Kuandika deni si kumtuhumu mtu; aya ya 282 ya Suratul-Baqara imeagiza deni la muda maalumu liandikwe, na mkopaji Mwislamu anaweza kukumbushwa hilo kwa heshima.

Dhana: Chumo la mke ni la mume.

Katika sheria ya Kiislamu alichochuma mke ni chake, na matumizi ya nyumba yanabaki juu ya mume. Aya ya 32 ya Suratun-Nisaa inataja sehemu ya wanawake katika walichokichuma. Mke anaweza kuchangia kwa hiari, na wengi huchangia, lakini kiasi chake kikubaliwe mwanzoni. Mtaji wa unga uwekwe mbali na fedha za mboga, na ikiwezekana mume mwenyewe aoneshwe daftari la wiki ya kwanza, ili aone kwamba shilingi 14,000 zilizoingia asubuhi si faida, na kwamba 12,000 kati yake ni za kununulia vitu vya kesho.