Kinga ya Jamii na Kijiji cha Mwisho wa Njia

Je, ikiwa watoto 95 kati ya 100 katika kata yetu wana kinga ya surua, mbona ugonjwa huo bado unaweza kuzuka?

Kinga ya jamii hupatikana pale ambapo mgonjwa, kila anapopita, hukutana na watu wengi wenye kinga kiasi kwamba kwa wastani anaambukiza chini ya mtu mmoja, na ugonjwa hukatika njiani. Surua hudai kiwango cha juu sana cha kinga hiyo, kwa sababu virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na mtoto huanza kuambukiza wengine takriban siku nne kabla ya vipele kujitokeza, wakati mama yake bado anadhani ni mafua. Pasipokuwa na mwenye kinga hata mmoja, mgonjwa mmoja hukadiriwa kuambukiza watu 12 hadi 18.

Tuchukue 15, na tubuni kata moja ya pwani ya Tanga yenye watoto 1,000, ambao 950 kati yao wana kinga. Asilimia 5 ya 15 ni 0.75, kwa hiyo katika taarifa ya wilaya kata hiyo imo salama. Lakini wale 50 waliobaki hawakutawanyika: 40 kati yao wako katika kijiji kimoja cha wavuvi chenye watoto 100, mbali na zahanati, ambako familia huhamia dago msimu wa samaki na tarehe ya kliniki hupita. Hapo mgonjwa wa kwanza ataambukiza watoto 6, na kila mmoja wao atawapelekea wengine. Kwingineko katani, ambako ni 10 tu kati ya 900 wasio na kinga, ugonjwa hauna pa kushikia, na hao 10 hulindwa na majirani zao bila hata kujua. Wastani wa kata ni uleule, ila kinga yenyewe imewaruka waliokuwa wakiihitaji zaidi.

Katika kijiji hicho anayenisikitisha zaidi ni mtoto wa miezi saba. Kinga aliyorithi kwa mama imepungua, na dozi ya kwanza hapa nchini hutolewa akiwa na miezi 9, hivyo usalama wake wote umo mikononi mwa wanaombeba. Hata dozi hiyo, ikitolewa katika umri huo, huwaacha watoto wapatao 15 kati ya 100 bila kinga, na ndiyo sababu ya dozi ya pili ya miezi 18. Anayetaka kujua hatari ilipo na afungue daftari la zahanati, ahesabu dozi za pili kitongoji kwa kitongoji, kisha aanzie pale zilipopungua.