Vidonda vya mdomo kwa watoto wa mbuzi na kondoo: tazama chuchu za mama

Mama mmoja anayefuga mbuzi kando ya barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani aliniita akiamini kwamba watoto wa mbuzi wake wameunguzwa midomo na utomvu wa mkonge. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba, mwanangu. Hebu waone, wanakataa kunyonya." Kati ya watoto tisa, wanne walikuwa na magaga mazito ya rangi ya kahawia kwenye pembe za mdomo na kuzunguka pua, na chini ya magaga yaliyopasuka nyama ilionekana nyekundu na yenye majimaji.

Kabla ya kumshika yeyote nilisimama nikatazama, na baada ya muda mfupi nikaona kwamba watoto hawakuwa wakikataa kunyonya. Mtoto mmoja alisogea na kushika chuchu, mama yake akaruka, akapiga teke na kuondoka. Tulipomkamata tulikuta vidonda vitatu vidogo kwenye chuchu ya kushoto, na upande huo wa kiwele ulikuwa umejaa, ni mgumu na wa moto.

Ugonjwa huu husababishwa na kirusi kinachoingia mahali ambapo ngozi imechubuka. Miba ya migunga, ncha za majani ya mkonge na nyasi kavu huchubua midomo ya watoto wanaoanza kujifunza kula, kisha mtoto mwenye vidonda hukipeleka kirusi kwenye chuchu anaponyonya. Mama mwenye maumivu humkataa mtoto, maziwa hubaki kwenye kiwele, bakteria huingia kupitia vidonda, na kiwele huvimba. Vidonda vyenyewe kwa kawaida hupona katika wiki tatu hadi nne. Wengi wa watoto ninaowaona wakifa hufa kwa njaa, au kwa vidonda vilivyooza na kuingia funza.

Kwa hiyo tulianza na maziwa. Wale wanne na mama zao tuliwatenga, kwa kuwa mtoto mwenye njaa huzunguka akiiba maziwa kwa mama wengine, na ziara moja ya namna hiyo inatosha kuambukiza chuchu nyingine. Yule mbuzi mwenye kiwele kigumu alikamuliwa kwa mkono mara kadhaa kwa siku, na nikamtibu kwa antibiotiki kwa sababu ya kiwele, maana antibiotiki haiui kirusi. Maziwa yenye mabonge yalimwagwa. Mtoto wake, mwenye uzito wa kilo nne hivi, alinyweshwa kwa chupa takribani nusu lita kwa siku, yaliyopatikana kwa mbuzi mwingine mzima, akipewa kidogo kidogo mara nne.

Kijana anayemsaidia mama huyo alikuwa ameshaanza kuwasugua watoto kwa kipande cha gunia ili "uchafu" utoke. Kosa hili nalikuta mara nyingi, na linaeleweka, kwa kuwa magaga yanaonekana kama uchafu. Kuyang'oa hutonesha kidonda, hurefusha siku za kupona na kumwaga kirusi zizini, ambako ndani ya gaga kavu kinaweza kuishi miezi mingi, hata miaka. Tuliyaacha yaanguke yenyewe, tukapaka gliserini kuyalainisha, na palipokuwa na usaha tukaosha taratibu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Majani laini yalichukua nafasi ya malisho ya miba. Magaga yaliyoanguka yalifagiliwa pamoja na matandiko na kuchomwa moto.

Kijana huyo alikuwa na mchubuko kwenye kidole cha shahada. Siku chache baadaye kilitokea kivimbe chekundu kilichogeuka kidonda chenye majimaji. Nilimshauri asikitumbue, akifunike, aende zahanati na aseme wazi kwamba anahudumia mbuzi wenye vidonda vya mdomo, kwa sababu asiyejua hilo anaweza kukidhania jipu na kukipasua. Kwa mtu mwenye afya hupona chenyewe katika wiki tatu hadi sita, ila mwenye kinga dhaifu anaweza kupata vidonda vikubwa zaidi, na huyo asiwaguse kabisa wanyama hawa. Tangu siku hiyo kazi ilifanywa kwa glavu za mpira, mikono ikaoshwa kwa sabuni, na mbuzi wazima wakahudumiwa kwanza, wagonjwa mwisho.

Jambo moja lingenifanya nibadili mawazo yote haya. Kama ningekuta homa kali, machozi na makamasi mazito, kuharisha na mbuzi wakubwa wanaokufa, ningeshuku sotoka ya mbuzi na kondoo, na afisa mifugo angepaswa kuarifiwa siku hiyo hiyo.

Wiki ya nne magaga ya mwisho yalianguka. Yule mbuzi alimruhusu mtoto wake anyonye upande wa kulia kwanza, na wa kushoto siku tano baadaye.