Maana ya ufunguo wa ombi: kutuma mara mbili, kuandikwa mara moja

Chukua duka la asali la Tabora mjini linalopokea oda mtandaoni. Kila oda inatakiwa iingie kwenye programu ya hesabu kama ankara, na kazi hiyo inafanywa na kiprogramu kilicho katikati. Oda TB-0417, chupa 24 za shilingi 10,000 kila moja, inatumwa. Sekunde 30 zinapita, jibu halirudi, mawasiliano yanakatika.

Ankara imeandikwa? Kutoka upande wa duka huwezi kujua. Pengine ombi halikufika. Pengine lilifika, ankara ikaandikwa, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Ukituma tena hivihivi, mteja anaweza kudaiwa 480,000 badala ya 240,000, na mhasibu akaja kulijua hilo mteja akishakasirika.

Ufunguo wa ombi ni alama inayosafiri na ombi ili mpokeaji alitambue likirudi. Programu ya hesabu ya Xero huupokea ufunguo hivi:

```
Idempotency-Key: TB-0417-ankara
```

QuickBooks Online, programu nyingine ya hesabu, hutumia `requestid` kwenye anwani ya ombi. Ombi lilelile likija tena na ufunguo uleule, unapewa jibu la mara ya kwanza, wala ankara ya pili haiandikwi.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kutengeneza ufunguo mpya kila unapojaribu tena. Hapo ni sawa na kutokuwa nao kabisa! Ufunguo utengenezwe mara moja, oda inapoingia kwenye foleni, uhifadhiwe kwenye safu ya oda hiyo.

Foleni yenyewe ipo kwa sababu programu za hesabu zina kikomo. Xero inaruhusu maombi 60 kwa dakika kwa kila kampuni. Oda moja mara nyingi ni maombi mawili, kumtafuta mteja kisha kuandika ankara, kwa hiyo oda 180 za asubuhi moja ni maombi 360. Foleni ikitoa moja kwa sekunde, zinakwisha kwa dakika sita, na mteja dukani hasubiri chochote.

Ukivuka kikomo unajibiwa `429`. Hilo halina utata: ombi limekataliwa, subiri sekunde zilizotajwa kwenye `Retry-After`, kisha tuma. Jibu la `400` maana yake taarifa zina kasoro, labda akaunti ya mauzo haipo; kurudia hakusaidii, iweke oda pembeni mtu aiangalie. Ukimya na `500`, yaani hitilafu ndani ya programu ya hesabu, ndivyo vyenye mashaka. Hapo rudia kwa ufunguo uleule, ukisubiri sekunde 2, kisha 4, kisha 8.

Ila ufunguo haukumbukwi milele. Oda iliyokwama tangu jana usiitume tu: itafute kwanza TB-0417 kwenye ankara zilizopo. Ikiwepo, nakili namba yake kwenye safu ya oda, kisha itoe kwenye foleni.