PIN ikiwa "Active" haimaanishi ni ya huyo anayekudai

Uliza katika ofisi nyingi za Nairobi kama ankara imehakikiwa, utajibiwa, "Ndiyo, nimecheki PIN, iko sawa." Sawa kivipi? Ukisogea uangalie kompyuta, utakuta mtu ameona neno Active, akafunga ukurasa. Jina lililoandikwa hapo juu yake hakulisoma.

Kuhakiki ankara kwa PIN ya KRA ni kuchukua namba iliyochapishwa kwenye ankara, kuiingiza katika PIN Checker kwenye itax.kra.go.ke (huhitaji akaunti, utaulizwa kahesabu kadogo tu), kisha kulinganisha jina linalotokea na jina lililo kwenye ankara. Kazi yenyewe ni huko kulinganisha. Active inakuambia tu kwamba PIN hiyo ipo na haijafungwa. PIN ya muuza mitumba wa Gikomba inaweza kuwa Active, na ya mwajiri wako pia.

Tuseme umeletewa ankara yenye kichwa "Fulani Supplies Limited": bidhaa shilingi 300,000, VAT ya asilimia 16 shilingi 48,000, jumla 348,000. PIN ina herufi moja, tarakimu tisa, halafu herufi nyingine mwishoni. Hata kabla ya kufungua tovuti, tazama ile herufi ya kwanza. Ikiwa ni A, hiyo ni PIN ya mtu binafsi. Kampuni hupewa inayoanza na P. Neno "Limited" na PIN ya A haviwezi kukaa kwenye kichwa kimoja cha ankara.

Hilo si lazima uwe wizi. Mara nyingi mwenye duka amesajili jina la biashara tu, na jina la biashara halina PIN yake, hutumia ya mwenyewe. Basi "Limited" ameiongeza kwa sababu inapendeza. Au kampuni ipo kweli, lakini mkurugenzi ameweka PIN yake mwenyewe, akiona kampuni na yeye ni kitu kimoja. Kisheria ni watu wawili tofauti. LPO uliitoa kwa kampuni, ankara imetoka kwa mtu mwingine, na gharama hiyo utashindwa kuieleza mkaguzi akija. Irudishe, waandike upya.

Ikianza na P, iandike kwa mkono wako kutoka kwenye ankara. Usitegemee picha ya skrini wala cheti cha PIN walichokutumia, maana picha huhaririwa. Katikati ni tarakimu tupu, kwa hiyo hapo hakuna herufi O, ni sifuri. Kisha soma jina lote. "Ltd" badala ya "Limited" si tatizo. Lakini "Fulani Supplies (K) Limited" na "Fulani Supplies East Africa Limited" zinaweza kuwa kampuni mbili zenye PIN mbili, hata kama zina mlango mmoja na mwenyewe mmoja. Wakikwambia walibadilisha jina, waombe cheti cha kubadilisha jina. Kampuni ikibadilisha jina, PIN hubaki ile ile.

Ukiwa hapo hapo, teremka kwenye orodha ya kodi alizosajiliwa muuzaji. Kama Value Added Tax (VAT) haimo, zile 48,000 hana ruhusa ya kukudai, hata jina likilingana herufi kwa herufi.

Sasa, linaloniudhi zaidi. Watu huichukulia PIN hii kama ile ya M-Pesa, kana kwamba anayeijua ndiye mwenyewe. PIN ya KRA si siri. Imechapishwa kwenye kila risiti ya kodi ambayo kampuni imewahi kutoa, na yeyote aliyeokota risiti hiyo anaweza kuinakili kwenye ankara ya kughushi. PIN Checker itakujibu kwa ukweli kabisa: ndiyo, ni ya Fulani Supplies Limited. Haikuulizwa nani aliyeandika ankara, wala akaunti ya benki iliyo chini yake ni ya nani.

Maswali hayo yana njia zake. Ankara ya eTIMS ina msimbo wa QR. Uskani, uhakikishe umefunguka kwenye tovuti ya kra.go.ke, na kwamba muuzaji na kiasi ni vile vile. Akaunti ikiwa mpya, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si iliyo kwenye ankara hiyo.

Kwa hiyo kwenye faili, badala ya "PIN iko sawa", andika jina lililotokea kwenye skrini na tarehe uliyoangalia. Pale pa akaunti ya benki, acha wazi mpaka umepiga hiyo simu.