Mwezi wa saa 6 mchana si lazima uwe Mwezi wake

Wiki hii nimeletewa tena ramani mbili za unajimu zilizochapishwa kutoka kwenye simu, ya mwanamke na ya mchumba wake. Saa ya kuzaliwa ya mwanamke ilikuwa kamili. Ya mwanamume ilisomeka 12:00. Nikamuuliza, "Kweli alizaliwa saa 6 kamili mchana?" Akanijibu kwamba hajui, hata mama yake hakumbuki, ila programu imekubali, kwa hiyo haidhuru. Sijui nimelisikia jibu hilo mara ngapi. Nimeamua kuliandikia.

Dhana: "Programu imenipa Mwezi na nyota inayochomoza, kwa hiyo ni vya kweli"

Programu nyingi, ukiacha nafasi ya saa wazi, hujaza saa 6 mchana bila kukuuliza. Si kwamba imejua kitu. Imechukua katikati ya siku ili kosa lisizidi saa 12 upande wowote. Kwa Zohali, kosa la saa 12 si kitu. Kwa Mwezi ni jambo kubwa, na kwa nyota inayochomoza, ile iliyokuwa ikipanda mashariki mtu alipozaliwa, ni uzushi mtupu.

Mwezi hutembea kati ya digrii 12 na 15 kwa siku, yaani kama nusu digrii kila saa. Kila nyota ina digrii 30, basi katika siku zaidi ya 4 kati ya 10 Mwezi huhama kutoka nyota moja kwenda nyingine kabla siku haijaisha. Siku zilizobaki nyota ya Mwezi ni moja tangu alfajiri hadi usiku, na hapo unaweza kuitaja bila wasiwasi hata kama saa haijulikani kabisa. Siku yako ni ya aina gani? Usikisie. Tengeneza ramani mara mbili kwa tarehe na mahali alipozaliwa mtu, moja ya 00:00 na nyingine ya 23:59, kisha uandike Mwezi uko wapi katika kila moja. Kazi ya dakika mbili, na ni wachache mno wanaoifanya.

Nilimfanyia hivyo yule dada. Siku aliyozaliwa mchumba wake ilianza Mwezi ukiwa digrii 22 ya Mshale na ikaisha ukiwa digrii 6 ya Mbuzi. Ulitembea digrii 14, na ukaingia Mbuzi kabla kidogo ya saa 8 mchana. Programu, kwa saa 6 yake ya kubuni, iliuweka Mwezi wake digrii 29 ya Mshale, ikamwandikia dada huyu, ambaye Mwezi wake uko digrii 3 ya Mashuke, kwamba hisia zao "zinagongana", kwa sababu Mshale na Mashuke huhesabiwa kuwa na pembe ya digrii 90. Alikuja kwangu amekwisha kulia.

Tukae na digrii zenyewe, tuachane na majina ya nyota. Mimi nakubali pembe ikipungua au kuzidi kwa digrii 7, si zaidi. Kutoka Mwezi wa Mashuke hadi Mwezi wa mwanamume, umbali ni digrii 109 siku inapoanza na digrii 123 inapoisha. Kwa hiyo pembe ya 90 haipo saa yoyote ya siku ile. Pembe ya 120, ambayo sisi wanajimu huisoma kama maelewano, inaanza kushika karibu saa 1 asubuhi na haiachi tena hadi usiku. Akizaliwa usiku wa manane hana pembe hiyo. Akizaliwa baada ya saa 1 asubuhi anayo. Ule "mgongano" hauungwi mkono na saa hata moja.

Zuhura ya dada iko digrii 24 ya Samaki. Mwezi wa mwanamume unaipa pembe ya 90 tangu siku inapoanza hadi kama saa 9 na nusu alasiri, kisha basi. Hii naiandika pembeni kwa penseli: labda. Mshtarii ya dada iko digrii 29 ya Mapacha, na Mwezi wa mwanamume unakabiliana nayo, yaani kwa pembe ya 180, siku nzima, kwa sababu umbali wa kupungua au kuzidi haupiti 7 asubuhi wala usiku. Hii naiandika kwa wino. Utaratibu wote ndio huo: jibu lisilobadilika kati ya ramani mbili linasomwa, linalobadilika linaambatana na saa yake au linaachwa.

Dhana: "Najua alizaliwa asubuhi, inatosha"

Inatosha kwa Mwezi. Asubuhi yenye urefu wa saa 6 inauachia Mwezi nafasi ya digrii 3 au 4 tu, na mara nyingi hiyo inamaliza mashaka. Kwa nyota inayochomoza haitoshi hata kidogo. Digrii moja huchomoza kila dakika 4 hivi na nyota nzima kwa wastani wa saa 2, kwa hiyo "asubuhi" ni nyota 3 tofauti, pengine 4, na kila moja inapanga upya nyumba zote 12, yaani sehemu za ramani zinazosimamia mambo ya maisha. Anayekuambia mchumba wako "ana sura ya mtu wa Simba, basi Simba ndiyo inayochomoza" anacheza nawe.

Na tafadhali, unapoandika saa kwenye programu, saa 2 asubuhi ni 08:00. Nimeona ndoa ikijadiliwa kwa ramani ya 02:00.

Dhana: "Bila saa yake, habari ya nyumba imekwisha"

Nusu tu ndiyo imekwisha. Nyumba hutoka kwenye saa ya mwenye nyumba, na saa ya dada tunayo. Kwake inachomoza Ng'ombe, na nikihesabu kila nyota nyumba moja, Nge ni nyumba yake ya 7, ya ndoa. Mirihi ya mwanamume ilikuwa digrii 23 ya Nge siku nzima, basi imo katika nyumba ya 7 ya dada, hakuna cha kubahatisha. Juu ya hayo inaipa Zuhura ya dada pembe ya 120 isiyokosea hata digrii 2. Ni Mwezi wa mwanamume pekee unaoyumba: nyumba ya 8 akizaliwa kabla ya saa 8 mchana, ya 9 akizaliwa baadaye.

Kinachokosekana ni upande wa pili, yaani sayari za dada zinaangukia nyumba gani za mwanamume. Hapo sisomi kitu, na mteja akinibembeleza sisomi vilevile.

Dhana: "Tafuta saa yake kwa kuangalia mapenzi yenu"

Hapana. Kuna kazi ya kurudisha saa kwa kutumia matukio ya maisha yenye tarehe, kama kuhama, msiba, kuzaliwa kwa mtoto, na hata hiyo hutaka matukio mengi na subira. Ukichagua saa inayoufanya Mwezi wake upatane na wako, kisha ukashangilia kwamba mnapatana, umejisomea matumaini yako mwenyewe. Dada yule aliniomba hasa hivyo: "Si tuweke saa 10 jioni, Mbuzi imenipendeza?" Nikampa karatasi yenye mstari mmoja wa penseli na mitatu ya wino, nikamwambia amuulize shangazi wa mchumba kama kulikuwa kumekucha mtoto alipotoka. Likipatikana jibu hilo moja, alizaliwa kabla au baada ya mapambazuko, ile pembe ya 120 kati ya Miezi yao itakuwa karibu kumalizika kujadiliwa.